Picha Haiwezi Kujichora

Mwishoni mwa Septemba 1914, Ludwig Wittgenstein alikuwa askari wa kujitolea katika jeshi la Austria-Hungaria, akitumikia kwenye mashua ya doria katika mto Vistula, upande wa mapambano na Warusi. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kabla ya vita alisomea uhandisi Berlin na Manchester, kisha akaiacha mitambo na kwenda Cambridge kujifunza mantiki kwa Bertrand Russell. Vitani alibeba madaftari, na katika daftari mojawapo, tarehe 29 ya mwezi huo, aliandika maneno machache kuhusu mahakama moja ya Paris. Katika mahakama hiyo, ajali ya gari ilikuwa ikielezwa kwa vifaa vya kuchezea: wanasesere na vitu vingine vidogo vilivyopangwa kuonyesha tukio lilivyokuwa.

Wengine wangeona hapo mbinu nzuri ya kuwasaidia mahakimu waelewe kesi. Wittgenstein aliona humo jibu la swali lililokuwa limemkaba yeye na mwalimu wake kwa miaka: sentensi inawezaje kusema jambo lolote kuhusu dunia? Jibu hilo lilikua likawa kitabu chembamba, Tractatus Logico-Philosophicus, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1921 na kwa Kiingereza na Kijerumani pamoja mwaka 1922. Karibu na ukurasa wake wa mwisho mwandishi anatamka jambo ambalo limewasumbua wasomaji kwa miaka zaidi ya mia moja. Anasema kwamba anayemwelewa vizuri mwishowe atatambua kuwa kauli za kitabu hicho chenyewe ni upuuzi.

Wapo wanaolichukua tamko hilo kama unyenyekevu, au kama fumbo la mtu aliyechoshwa na vita. Mimi nalichukua kama hesabu. Ukiikubali nadharia yake ya picha, hatua kwa hatua, hakuna mahali pa kusimama isipokuwa hapo alipofika yeye.

Turudi mahakamani. Tuseme wakili anataka kueleza kwamba lori liligonga mkokoteni mbele ya duka. Mezani ana kigari cha plastiki, kipande cha mti na kiboksi. Kwanza anawaambia mahakimu kipi kinasimama badala ya kipi: kigari ni lile lori, kipande cha mti ni mkokoteni, kiboksi ni duka. Mpaka hapo hajasema lolote kuhusu ajali, maana amegawa majina tu. Kisha anavipanga: kigari kinagusa kipande cha mti, na vyote viwili viko upande wa mbele wa kiboksi. Sasa amesema jambo. Kwamba kigari kiko hivi na kipande kiko vile ndiko kunakosema kwamba lori lilikuwa hivi na mkokoteni ulikuwa vile.

Kuna sharti la tatu ambalo wakili halitamki kwa sababu halimjii hata akilini. Vifaa vyake vinaweza kukaa karibu, mbali, mbele au nyuma, na lori na mkokoteni wa kweli nao vinaweza kukaa hivyo hivyo. Kama vifaa vya mezani visingekuwa na uwezekano huo, kwa mfano kama wakili angekuwa na sauti tatu za filimbi bila kanuni yoyote ya kuzihusisha na nafasi barabarani, visingeweza kuionyesha ajali. Huu uwezekano wa kupangika unaoshirikiwa na picha na kile kinachochorwa ndio Wittgenstein aliouita umbo. Mpangilio wa mezani unaweza kuwa tofauti kabisa na tukio lilivyotokea, lakini umbo lazima liwe moja. Msomaji alishike neno hilo, kwa sababu kitabu kizima kitakuja kukwama hapo.

Faida ya kwanza ya picha ni kwamba inaruhusu uongo. Jambo hili linaonekana dogo, kumbe ni swali la tangu enzi za Plato: anayesema uongo anasema kisichokuwepo, na kisichokuwepo si kitu, basi anasemaje kitu? Mezani fumbo hilo linayeyuka. Wakili mwongo anaweza kukiweka kigari upande wa pili wa kiboksi. Vifaa vipo, mpangilio wao upo, na mpangilio huo unaonyesha hali ambayo ingeweza kutokea japo haikutokea. Kuielewa picha ni kujua mambo yangekuwaje kama ingekuwa kweli. Kujua kama ni kweli ni kazi nyingine: hapo lazima utoke nje ukaangalie barabara.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tuangalie mahali alipokuwa amekwama Russell. Katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1912, The Problems of Philosophy, alichukua mfano kutoka tamthilia ya Shakespeare: Othello anaamini kwamba Desdemona anampenda Cassio. Imani hiyo ni ya uongo, kwa hiyo hakuna tukio la Desdemona kumpenda Cassio ambalo Othello anaweza kuwa amelielekea. Russell akapendekeza kwamba imani ni uhusiano unaomfunga Othello na vitu vitatu kila kimoja peke yake: Desdemona, upendo na Cassio.

Wittgenstein, aliyekuwa bado mwanafunzi, aliishambulia nadharia hiyo mwaka 1913, na Russell mwenyewe alikiri kwamba shambulio hilo lilimvunja nguvu. Aliacha mswada mkubwa aliokuwa akiuandika. Ubaya wake ni huu. Ukimpa Othello vitu vitatu, umempa orodha. Ni nini kwenye orodha kinachozuia asiamini kwamba Cassio anampenda Desdemona? Na kibaya zaidi, ni nini kinachomzuia asiamini kwamba upendo unamdesdemona Cassio? Mtu hawezi kuamini hivyo, kwa kuwa hapo hakuna cha kuaminiwa. Nadharia nzuri ya imani lazima ionyeshe kwa nini haiwezekani, na orodha haina uwezo huo, kwa sababu kila kilichomo ndani yake ni kitu tu, na vitu kwenye orodha havikatai kukaa kwa namna yoyote.

Picha inakataa. Mezani mwa wakili hakuna mpangilio ambamo nafasi ya kuwa mbele inakuwa kifaa cha nne. Anaweza kukiweka kigari mbele ya kiboksi, lakini hawezi kulichukua lile "mbele" mkononi na kuliweka kando ya kigari. Wittgenstein alitaka tuone kwamba sentensi nayo iko hivyo. Chukua karatasi, andika jina la Asha upande wa kushoto na jina la Juma upande wa kulia, na tukubaliane kwamba jina la kushoto ni la mzazi wa yule aliyetajwa kulia. Karatasi hiyo sasa inasema kwamba Asha ni mzazi wa Juma, ilhali ina majina mawili tu. Uzazi haukutajwa popote, umeonyeshwa kwa majina kuwa yalivyo. Geuza majina, na karatasi inasema jambo jingine. Tunapoandika neno "mzazi" kati ya majina mawili tunafanya kazi ile ile, ila wino wa neno hilo unatudanganya tudhani kwamba tumetaja kitu cha tatu.

Bila shaka sentensi ya kawaida haifanani na picha kwa macho. Wittgenstein alilijua hilo, na mfano wake ulikuwa santuri ya gramafoni. Noti zilizoandikwa kwenye karatasi, mikwaruzo ya santuri na mawimbi ya sauti hewani ni vitu visivyofanana hata kidogo, lakini kuna kanuni inayomwezesha mtu kutoa kimoja kutoka kwa kingine, na ndani ya kanuni hiyo ndimo kufanana kwao kulimo. Vivyo hivyo, alidai, ukiichambua sentensi ya kila siku mpaka chini kabisa utakuta sentensi za msingi zilizojengwa kwa majina matupu, kila jina likisimama badala ya kitu kimoja kisichogawanyika. Hakuwahi kutoa mfano hata mmoja wa sentensi kama hiyo. Aliamini lazima ziwepo, na akaona kwamba kuzitafuta si kazi ya mtu wa mantiki. Nauona huu kuwa udhaifu mkubwa wa kitabu, na utajitokeza tena.

Sasa tuangalie neno "si". Nikisema "Lori si jekundu," je, "si" ni jina la kitu fulani? Wittgenstein alijibu hapana, na sababu yake ni rahisi kuifuata. Kanusha sentensi mara mbili: si kweli kwamba lori si jekundu. Umerudi kule kule ulikoanzia, na umesema kilekile: lori ni jekundu. Kama "si" ingekuwa jina, sentensi iliyokanushwa mara mbili ingezungumzia kitu ambacho ile ya kwanza haikukitaja, na zisingekuwa na maana moja. Basi "si," "na," "au" na "ikiwa" hazisimami badala ya chochote duniani. Zinaonyesha tu namna sentensi moja inavyojengwa kutoka kwa nyingine. Wazo hili alilitaja mwenyewe kuwa ndilo wazo lake la msingi, na lina matokeo makubwa: hakuna mambo ya kimantiki duniani ambayo mantiki ingeyaeleza, kama vile kemia inavyoeleza mambo ya kemikali.

Kauli za mantiki basi zinasema nini? Chukua "Mvua inanyesha au hainyeshi." Ni kweli daima, hata anga likiwaje, na kwa sababu hiyo hiyo haikuambii lolote kuhusu hali ya hewa. Wittgenstein hakuiita upuuzi. Imejengwa kwa vipande halali, ila vimeunganishwa hivi kwamba maudhui yake yamefutana, kama sifuri ilivyo sehemu halali ya hesabu. Ni kauli tupu. Kwa hiyo tuna makundi matatu: sentensi zenye maudhui, ambazo zinaweza kuwa kweli au uongo, kauli tupu za mantiki, na upuuzi, yaani maneno yanayovaa sura ya sentensi huku sehemu yake fulani haijapewa kazi. Sentensi za kitabu chake hazikuangukia hata kundi la kauli tupu. Ziliangukia la tatu.

Ili kuelewa kwa nini, mwombe wakili jambo moja la ziada. Mwambie: umetuonyesha ajali kwa vifaa hivi, sasa tuonyeshe, kwa vifaa hivi hivi, kwamba vifaa na barabara vina umbo moja, kwamba nafasi ya mezani inalingana na nafasi ya barabarani. Atafanya nini? Anaweza kuleta kigari cha pili. Anaweza kupanga kila kitu upya. Lakini kila atakachokipanga kitakuwa tayari kimekaa katika nafasi, kikiutumia uwezekano ule ule alioombwa auonyeshe. Picha inaweza kuchora chochote chenye umbo lake, lakini kulichora umbo lenyewe haiwezi, kwa kuwa ingebidi kwanza itoke nje ya umbo hilo.

Mtu atapinga mara moja: wakili aache vifaa aseme kwa mdomo! Kweli kabisa, na pingamizi hilo linafaa kupewa nafasi, kwa sababu linatuonyesha tatizo liko wapi hasa. Umbo la nafasi ni mali ya picha za aina fulani tu. Lugha si picha ya aina hiyo, kwa hiyo inaweza kusimama kando ya vifaa na kuvizungumzia. Lakini lugha nayo ina kitu inachoshirikiana na dunia ndipo iweze kusema chochote. Wittgenstein alikiita umbo la kimantiki, na kila picha, iwe ya vifaa, ya noti, ya rangi au ya maneno, lazima iwe nalo. Ukitaka kulieleza umbo hilo utahamia wapi? Hakuna lugha nyingine iliyo nje ya mantiki ambayo ungeweza kuisimamia ukatazama. Wakili alikuwa na njia ya kutoka, mwanafalsafa hana.

Kilichobaki, kwa maoni ya Wittgenstein, ni kwamba umbo la kimantiki linajionyesha. Karatasi ya Asha na Juma inaonyesha, kwa namna inavyotumika, kwamba majina yake ni ya watu na kwamba mpangilio wake una mwelekeo. Hauhitaji kuambiwa hivyo, na ukiambiwa hujaongezewa habari. Katika barua aliyomwandikia Russell Agosti 1919, akiwa mfungwa wa vita huko Italia, alisema kwamba tofauti hii kati ya kinachoweza kusemwa na kinachoweza kuonyeshwa tu ndiyo kiini cha kazi yake, na ndilo tatizo kuu la falsafa. Alihofia kwamba Russell hakuliona.

Sasa chukua kipimo hicho ukielekeze kwenye kitabu chenyewe. Humo tunaambiwa kwamba kuna vitu, kwamba vitu huungana katika hali za mambo, kwamba sentensi ni picha, kwamba picha ina umbo la kile inachokichora. Linganisha kauli mbili: "Kuna vitabu mezani" na "Kuna vitu duniani." Ya kwanza inaweza kuwa uongo, nenda ukaangalie meza, huenda ni tupu. Ya pili ingekuwa uongo kwa namna gani? Ungepanga nini, na wapi, kuonyesha dunia isiyo na vitu, wakati kupanga kokote kunahitaji vitu vya kupangwa? Neno "vitabu" linachagua baadhi ya vitu na kuviacha vingine. Neno "vitu," likitumiwa hivi, halichagui chochote. Katika sentensi halali kama "Kuna kitu mezani" kazi yake ni kuacha nafasi wazi ambayo jina lolote lingeweza kuijaza. Mwanafalsafa analichukua neno hilo la nafasi wazi na kulitumia kana kwamba ni jina la aina fulani, kama kitabu au kikombe. Sentensi inasikika vizuri, lakini neno moja ndani yake halijapewa kazi.

Ndiyo maana kauli hiyo haiwi hata kauli tupu. "Mvua inanyesha au hainyeshi" imejengwa kwa sentensi mbili zenye maana. "Kuna vitu" haikujengwa kwa chochote kinachoweza kuwa kweli au uongo. Na yanayoipata kauli hiyo yanaipata pia kauli kwamba sentensi ni picha, kwa kuwa inajaribu kusema kile ambacho kila sentensi inakitegemea. Hivyo mwandishi alipofika mwisho hakuwa na uchaguzi. Alimfananisha msomaji na mtu aliyepanda ngazi, ambaye akishafika juu inambidi aitupe.

Russell, aliyeandika utangulizi wa kitabu, alijaribu kumtafutia mlango. Alipendekeza kwamba huenda kila lugha ina umbo isiloweza kulisema, lakini pakawa na lugha ya juu yake inayoweza kulisema, na nyingine juu ya hiyo, bila mwisho. Wittgenstein hakuridhika na utangulizi huo, na nadhani hapa alikuwa na haki kwa kadiri ya misingi yake. Lugha ya juu, kama kweli ni lugha, lazima nayo ichore, na ili ichore lazima iwe na umbo lile lile la kimantiki.

Frank Ramsey, kijana wa Cambridge aliyeshiriki kukitafsiri kitabu kabla hajafikisha miaka 20, alikuwa mkali zaidi. Alisema, kwa ufupi, kwamba kama falsafa ni upuuzi basi tuichukue kuwa upuuzi kwelikweli, tusijifanye kama alivyofanya Wittgenstein kwamba ni upuuzi wenye maana kubwa. Hoja hiyo bado inagawa wasomi mpaka leo. Peter Hacker wa Oxford ameshikilia kwamba Wittgenstein aliamini kweli kuwa upo ukweli usiosemeka ambao upuuzi wake ulituelekeza kwake. Cora Diamond, katika makala ya mwaka 1988 iliyofuatiwa na kazi za James Conant, akasema hapana: ukisha kuitupa ngazi, huwezi kubaki na kile ilichokuwa imekuegemeza nacho. Kwa usomaji wake hakuna ukweli wowote uliofichwa nyuma ya kauli zile. Kitabu kinampa msomaji mazoezi ya kugundua kwamba alidhani ameelewa mahali ambapo hapakuwa na cha kuelewa.

Mimi naegemea kwa Diamond kuhusu namna tunavyopaswa kuitupa ngazi, lakini kwa Hacker kuhusu kile Wittgenstein mwenyewe aliamini mwaka 1919. Barua ile kwa Russell ni ngumu kuipuuza. Mtu anayesema kuwa tofauti ya kusema na kuonyesha ndiyo tatizo kuu la falsafa haandiki kama mtu anayemwekea msomaji mtego tu. Aliamini kuna kitu kinachoonekana. Shida ni kwamba nadharia yake haimruhusu kutueleza ni kitu gani, na hata neno "kitu" katika sentensi hii yangu halina kazi.

Hata hivyo nadharia ya picha haikuangushwa na ngazi. Iliangushwa na rangi.

Tumeona kwamba Wittgenstein alidai kuwepo kwa sentensi za msingi. Alidai pia kwamba kila moja inajitegemea: ukweli wa moja hauwezi kuzuia ukweli wa nyingine, kwa sababu kuzuiana ni kazi ya mantiki, na mantiki inaanzia kwenye "si" na "na," ambazo sentensi za msingi hazina. Sasa angalia nukta moja ya ukuta. "Nukta hii ni nyekundu yote" na "Nukta hii ni ya bluu yote" haziwezi kuwa kweli pamoja. Katika Tractatus alilijua hilo, akasema ni kupingana kwa kimantiki, maana yake kwamba sentensi za rangi si za msingi na zikichambuliwa zaidi kupingana kutaonekana. Ramsey, katika mapitio yake ya mwaka 1923, alimwonyesha kwamba kulitaja tatizo kwa lugha ya fizikia, kwa mwendo wa chembe, kunalisogeza tu: chembe moja nayo haiwezi kuwa na kasi mbili wakati mmoja.

Wittgenstein alirudi Cambridge mwaka 1929, na mwaka huo huo akaandika makala fupi kujaribu kulitatua. Ukizipanga sentensi mbili katika jedwali la ukweli, lazima upate safu nne: zote kweli, ya kwanza tu kweli, ya pili tu kweli, zote uongo. Kwa nyekundu na bluu, safu ya juu lazima ifutwe. Haitoshi kuiandikia "uongo," kwa sababu hali hiyo si uwezekano uliokosa kutokea; haikuwa uwezekano hata kidogo. Lakini hakuna lolote katika "si" na "na" linalokuruhusu kufuta safu. Kuna kanuni inayotawala rangi yenyewe, na vile vile urefu, joto, sauti na kila kinachopimwa kwa kiasi, na nadharia ya mwaka 1921 haikuwa na mahali pa kuiweka. Alipofika mkutanoni Nottingham kuisoma makala hiyo hakuisoma. Alizungumzia mada nyingine.

Desemba mwaka huo, Vienna, alimweleza Moritz Schlick na Friedrich Waismann alichojifunza. Zamani alidhani kila sentensi inapimwa na dunia peke yake. Sasa aliona kwamba tunaiweka rula nzima juu ya kitu, pamoja na alama zake zote. Ukisoma urefu kuwa sentimita 10, palepale umeshajua si 11 wala si 9, bila kupima tena. Sentensi za rangi zinakuja kwa mfumo kama alama za rula, na kuielewa moja ni kujua nafasi yake kati ya nyingine.

Mfumo mmoja ukiingia, haukai peke yake. Rangi zina kanuni zake, urefu una zake, maumivu yana zake, na ishara za mikono nazo. Inasimuliwa kwamba mchumi Mwitalia Piero Sraffa, rafiki yake wa Cambridge, alipitisha ncha za vidole chini ya kidevu, ishara ya dharau inayojulikana Napoli, kisha akamwuliza umbo lake la kimantiki ni lipi. Ishara ile haisimami badala ya kitu na haina sehemu zilizopangwa, lakini kila Mnapoli anaielewa. Taratibu, katika miaka ya 1930, lile wazo la umbo moja lililo nyuma ya kila kisemwacho liliachwa, na pamoja nalo sababu iliyokuwa imemlazimisha kuziita kauli zake upuuzi. Kama hakuna umbo moja la lugha yote, hakuna pia ukuta mmoja ambao mtu angejikuta ameugonga kila anapojaribu kulisema.

Kitabu chake cha pili, Philosophical Investigations, kilitoka mwaka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake. Katika dibaji aliyoiandika Januari 1945 alieleza kwamba angependa mawazo yale ya zamani na haya mapya yachapishwe pamoja, kwa kuwa mapya yangeonekana vizuri tu yakiwekwa dhidi ya yale ya zamani, ambayo sasa aliyaona kuwa na makosa makubwa. Alitaja watu wawili waliomsaidia kuyaona makosa hayo. Wa kwanza alikuwa Ramsey, aliyefariki Januari 1930 akiwa na miaka 26. Wa pili alikuwa Sraffa.